Sita Iliyogeuka Nane: Mwongozo Kamili wa Kubana Skani Nyeusi na Nyeupe Bila Kubadilisha Tarakimu

Ukipeleka mkataba au ankara kuskaniwa kwenye steshenari ya Kariakoo, Posta au Mwenge, baada ya kulipa utaulizwa kama faili lipunguzwe ukubwa. Wengi tunakubali, kwa sababu mfumo tunaokwenda kupakia faili hilo una kikomo cha ukubwa, na kutuma kitu kizito kwa WhatsApp kunakula bando. Mashine inabonyezwa, PDF ya kurasa ishirini inashuka hadi kilobaiti mia chache, herufi zinaonekana kali na safi, na kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Mwongozo huu unahusu njia moja ya kubana ambayo inaweza kuondoa tarakimu iliyoko kwenye karatasi na kuweka nyingine inayofanana nayo, bila kuacha ukungu wala alama yoyote ya kukutahadharisha. Tutaona kwanza inavyotokea, maana bila kuelewa chanzo huwezi kulitambua tatizo. Baada ya hapo tutakagua faili ulilonalo, tutapanga mashine, na mwisho tutatengeneza faili dogo ambalo kila nukta yake ni ileile iliyotoka kwenye skana.

Njia mbili za kubana, na kwa nini moja haiwezi kukudanganya

Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unakuwa na nukta, au pikseli, 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7. Kwenye skani nyeusi na nyeupe kila pikseli huchukua biti moja tu: ama nyeusi, ama nyeupe. Kabla ya kubanwa, ukurasa huo ni kama megabaiti 1.1. Kwa kuwa sehemu kubwa ya karatasi ni nyeupe tupu, kuna nafasi kubwa ya kupunguza.

Njia ya zamani, iliyotoka kwenye dunia ya faksi, ni CCITT Group 4, iliyowekwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1984. Inasoma ukurasa mstari kwa mstari wa pikseli. Kwa kila mstari inaandika tu mahali ambapo nyeusi inageuka nyeupe au kinyume chake, tena kwa kulinganisha na mstari wa juu yake. Ukifungua faili, unarudishiwa pikseli zilezile, bila kuongezeka wala kupungua hata moja. Faili la Group 4 likiharibika njiani, utaona michirizi mirefu au nusu ya ukurasa imevurugika. Huo ni uharibifu unaojionyesha wenyewe. Group 4 haijui herufi ni nini, kwa hiyo haiwezi kuichukua herufi moja na kuweka nyingine.

Njia mpya zaidi ni JBIG2, iliyotoka mwaka 2000 na kuingizwa kwenye PDF kuanzia toleo la 1.4. Hapa watu wengi hukosea, wakidhani JBIG2 ni kitu kimoja. Ina namna kadhaa za kufanya kazi. Ya kwanza hubana ukurasa wote kama picha, pikseli kwa pikseli, na haipotezi chochote. Tofauti yake na Group 4 ni kwamba faili linakuwa dogo zaidi. Ya pili hukata ukurasa kwenye maumbo, na ndiyo yenye hatari.

Katika namna hiyo ya pili, programu inatafuta kila doa jeusi lililojitenga: herufi, tarakimu, alama. Doa la kwanza inalihifadhi kama umbo la mfano. Inapofika doa jingine inalilinganisha na maumbo iliyokwisha kuyahifadhi. Ikiona yanafanana vya kutosha, inaliacha doa hilo jipya na kuandika tu: "umbo namba 14, mahali hapa." Ukifungua faili, programu inafanya kama karani mwenye kasha la mihuri: anachukua muhuri namba 14 na kuugonga kila alipoelekezwa. Kasha moja linaweza kutumika kwa kurasa nyingi za faili, kwa hiyo umbo lililochukuliwa ukurasa wa 3 linaweza kugongwa ukurasa wa 17.

Yote yanategemea hayo maneno "vya kutosha". Hakuna mahali ambapo mashine inasoma kwamba hii ni sita au hii ni nane. Inahesabu pikseli tu.

Hesabu ya sita na nane

Tuiangalie kwa karibu. Maandishi ya saizi 7, kama yale ya majedwali ya ankara, yakiskaniwa kwa 200 dpi, tarakimu moja inapata urefu wa pikseli 13 au 14 hivi. Tuseme nane imechorwa kwa pikseli nyeusi 50. Sita ya fonti hiyohiyo ina umbo lilelile, ila upande wa juu kulia pana uwazi. Tuseme uwazi huo ni pikseli 3. Sita basi ina pikseli nyeusi 47, na zote 47 zinaangukia juu ya zile za nane.

Kipimo kimoja kinachotumika sana ni hiki: chukua idadi ya pikseli nyeusi zinazoangukiana, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa zao la idadi ya nyeusi za kila umbo.

```
(47 × 47) / (50 × 47) = 0.94
```

Programu ya bure inayotumika sana kwa kazi hii, `jbig2enc`, ina kiwango cha kawaida cha 0.92: jibu likifika hapo, maumbo huhesabiwa kuwa mamoja. Inaongeza marekebisho kidogo kutegemea unene wa herufi, lakini unaona hali ilivyo: 0.94 imekaa palepale mpakani. Vumbi kidogo kwenye kioo au wino ulioenea kidogo ukifunga pikseli moja ya ule uwazi, hesabu inakuwa 48 kwa 50, yaani 0.96. Mashine inakata shauri kwamba hayo ni maumbo mamoja. Kama nane ndiyo iliyokutwa kwanza, kila sita ya namna hiyo itatoka nane.

Ndiyo maana jicho halishtuki. Kilichowekwa ni nane halisi, kali, iliyochukuliwa sehemu nyingine ya karatasi hiyohiyo, kwa fonti ileile, ikakaa kwenye mstari pale inapotakiwa. Ukungu ungekufanya utilie shaka. Hapa hakuna ukungu.

Kuna ushauri unaosikika sana kwamba ukipandisha dpi umepona. Hesabu haiungi mkono moja kwa moja. Ukiongeza dpi mara mbili, nane itakuwa na pikseli 200 na uwazi wa sita utakuwa pikseli 12, na jibu linabaki 0.94. Faida ya dpi kubwa ni kwamba vumbi na wino havifungi uwazi kwa urahisi, na kingo zinatulia. Inapunguza hatari, ila haiiondoi maadamu njia ya kubana ni ileile.

Jambo jingine ni kwamba kosa halijirudii vilevile. Ukiskani karatasi hiyohiyo mara ya pili, itakaa kwenye kioo kwa tofauti ndogo sana, pikseli za kingo zitabadilika, na pengine tarakimu nyingine ndiyo itakayobadilishwa, au hakuna. Kwa hiyo mtu wa mashine akikuambia "nimejaribu tena, iko sawa," hajathibitisha kitu kuhusu faili la kwanza.

Kilichotokea mwaka 2013

Mwanzoni mwa Agosti 2013, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alichapisha alichokiona kwenye mashine za Xerox WorkCentre 7535 na 7556. Ramani ya jengo ilikuwa na vyumba vitatu vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Baada ya kuskaniwa, vyote vitatu vikasomeka 14.13. Kilichowashtua wenye ramani ni kwamba chumba kikubwa kwa macho kilikuwa kimeandikwa eneo sawa na kidogo. Katika jedwali la gharama, sita zilikuwa zimegeuka nane.

Mwanzo kampuni ilieleza kwamba hali hiyo inahusu kiwango cha ubora kiitwacho "normal", na kwamba onyo lake lilikuwepo. Kriesel akaonyesha kuwa inatokea hata kwenye viwango vya juu, na kampuni ikakiri kwamba kulikuwa na hitilafu katika programu, ikatoa marekebisho mwezi huohuo. Lakini marekebisho ya mashine hayagusi mafaili yaliyokwisha kuskaniwa. Mwaka 2015 mamlaka za Ujerumani na Uswisi zinazosimamia uhifadhi wa nyaraka zilikataza JBIG2 katika kutengeneza nyaraka za kumbukumbu.

Hapa Dar mashine nyingi za ofisini na steshenari zimeingia zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Programu yake ya ndani inaweza kuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, hivyo tarehe ya marekebisho haikuambii chochote kuhusu mashine iliyo mbele yako.

Hatua ya 1: Tazama bila kifaa chochote

Anza na kipimo ambacho hata simu inaweza. Fungua PDF, kuza hadi uone vijiraba vya pikseli, asilimia 800 au zaidi. Tafuta herufi moja inayojirudia, kama `a` ya Kiswahili ambayo haikosekani kwenye mstari wowote, au tarakimu 8. Tazama tano au sita zilizo sehemu tofauti za ukurasa.

Kwenye skani halisi, ni nadra herufi mbili zilizochapwa kufanana pikseli kwa pikseli. Moja itakuwa na kijino kushoto, nyingine itakuwa imenenepa chini, kwa sababu karatasi haikai sawasawa na safu za vihisi vya skana. Ukikuta `a` tatu zina kijino kilekile, mahali palepale, ujue maumbo yamegongwa kutoka kwenye kasha. Hilo halithibitishi kwamba tarakimu imebadilishwa. Linathibitisha kwamba njia yenye uwezo wa kuibadilisha imetumika, na faili hilo linahitaji ukaguzi. Kipimo hiki ni cha kurasa zilizoskaniwa. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye Word huwa na herufi zinazofanana kabisa, na hilo si tatizo.

Hatua ya 2: Uliza faili lenyewe

Kwenye kompyuta ya Linux aina ya Ubuntu au Debian, au Windows yenye WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, weka vifaa hivi:

```
sudo apt install poppler-utils imagemagick img2pdf xxd
pdfimages -list ankara.pdf
```

Utapata mstari mmoja kwa kila picha iliyo ndani. Tazama safu ya `bpc`, ambayo ikiwa 1 picha ni nyeusi na nyeupe, na safu ya `enc`, inayotaja njia ya kubana. Ikisema `ccitt`, tarakimu hazikubadilishwa na mbano wa faili hili. Ikisema `image`, kwa kawaida ni mbano wa kawaida usiopoteza. Ikisema `jpeg`, utaona ukungu kuzunguka herufi, lakini herufi haitageuka nyingine iliyo safi. Ikisema `jbig2`, endelea kuchimba.

```
pdfimages -all ankara.pdf kipande
ls kipande*
```

Kila picha ya JBIG2 itatoka na mwisho wa `.jb2e`. Pembeni yake ukiona faili la `.jb2g`, ndilo kasha la mihuri linalotumiwa kwa pamoja. Kutokuwepo kwake hakukusafishi, kwa sababu kasha linaweza kuwa ndani ya picha yenyewe. Basi soma baiti moja tu:

```
xxd -s 34 -l 1 -p kipande-000.jb2e
```

Kwa kawaida baiti 30 za mwanzo wa faili hilo hueleza ukurasa, na baiti hii inataja aina ya sehemu inayofuata. `26` au `27` kwa kawaida maana yake ukurasa umebanwa kama picha, pikseli kwa pikseli. `00` ni kasha la maumbo, na `06` au `07` ni maandishi yaliyopangwa kwa maumbo. Ukipata namba nyingine, faili limepangwa kwa namna tofauti. Lihesabu kuwa na shaka na uende hatua ya tatu. Hata ukipata `26`, kumbuka kwamba inazungumzia mbano wa mwisho tu. Kama mtu alichukua PDF iliyokwisha kuharibika akaibana upya kwa njia salama, kosa limehifadhiwa kwa uaminifu kabisa. Ndiyo sababu PDF iliyopita mikononi mwa watu watatu haimalizwi kwa baiti moja.

Hatua ya 3: Kagua tarakimu kwa hesabu

Maneno yanajilinda. Ukikuta "mpengaji" kwenye mkataba wa nyumba, utajua herufi imeharibika. Tarakimu haina tahajia: 962,500 na 982,500 zote ni fedha halali. Kwa hiyo ukaguzi uende kwenye tarakimu, na hasa zile zinazoweza kuhesabiwa upya. Huu ni mfano wa ankara ya vifaa vya ujenzi kama inavyosomeka kwenye faili:

```
Mbao          465,000
Saruji      1,380,000
Nondo         982,500
Mabati      1,146,000
Rangi         236,000
Usafiri       180,000
Jumla       4,369,500
```

Jumlisha mwenyewe: unapata 4,389,500. Tofauti ni 20,000. Mhasibu atafikiria kwanza kwamba aliyeandika alipindua tarakimu mbili. Kosa la kupindua huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9, na 20,000 haigawanyiki kwa 9. Sasa fikiria umbo: sita ikigeuka nane, tofauti ni 2 ikifuatiwa na sufuri. Tofauti ya 20,000 inaelekeza kwenye nafasi ya makumi elfu. Pitia safu hiyo ukitafuta nane: saruji ina 8 kwenye makumi elfu, nondo ina 8, usafiri una 8. Hao ndio watuhumiwa watatu, na karatasi halisi au bei ya kipande mara idadi ndivyo vitakavyoamua. Katika mfano wetu ni nondo: 35 kwa shilingi 27,500 ni 962,500.

Tatu ikigeuka nane, tofauti inaanza na 5. Tano ikigeuka sita, inaanza na 1. Moja ikigeuka saba, inaanza na 6. Tofauti ikiwa ya namna hiyo, tarakimu moja ikifuatiwa na sufuri, na hakuna maelezo mengine, shuku mashine kabla ya kumshuku mtu. Nimeona wahudumu wa duka wakitazamwa vibaya kwa jambo ambalo mashine ya fotokopi ndiyo ingepaswa kuulizwa kwanza.

Mikataba yetu ina kinga nyingine nzuri: fedha huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Linganisha vyote viwili. "Milioni tatu na laki sita" haiwezi kugeuka "laki nane" kwa kosa la umbo moja.

Visivyojumlishika ndivyo vya kuogopa zaidi: namba ya akaunti, namba ya simu, namba ya kiwanja, vipimo kwenye ramani ya upimaji, namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12. Hivi visome kimoja kimoja, mtu mmoja akiwa na karatasi halisi na mwingine akiwa na skrini. Anayesoma asome kutoka kwenye karatasi, maana anayesoma kutoka kwenye skrini huku mwenzake akitikisa kichwa humvuta mwenzake kuona anachokisikia.

Kama PDF ina maandishi yanayoweza kutafutwa, jaribu pia hii:

```
pdftotext -layout ankara.pdf -
```

Maandishi hayo hutokana na mashine kusoma picha, na mara nyingi inasoma kabla ya kubana. Hapo hutokea jambo la ajabu: picha inaonyesha 982,500 lakini maandishi yaliyojificha yanasema 962,500. Kusoma kwa mashine nako kuna makosa yake, kwa hiyo usilichukue kama hukumu. Lichukue kama mahali pa kwenda kutazama karatasi.

Hatua ya 4: Panga mashine, na sema vizuri kaunta

Kama mashine ni yako, fungua mipangilio ya skani na utafute aina ya faili. Majina kama `Compact PDF` au `High Compression PDF` yanaashiria kwamba ukurasa unagawanywa kwenye tabaka, maandishi yakibanwa peke yake kwa nguvu. Si kila mashine inatumia JBIG2 ya maumbo hapo, lakini kwa nyaraka za fedha au ardhi sioni sababu ya kubahatisha. Chagua PDF ya kawaida au TIFF. Ukiona `MMR` au `G4`, hiyo ndiyo Group 4, na iko salama. Kwenye Adobe Acrobat, sehemu ya picha za rangi moja ina `CCITT Group 4`, `JBIG2 (Lossless)` na `JBIG2 (Lossy)`. Mbili za mwanzo hazipotezi kitu. Ya tatu usiiguse.

Kwa steshenari, maelezo marefu hayasaidii mtu mwenye foleni mbele yake. Sema hivi:

"Kaka, niskanie kwa greyskeli, 300, PDF ya kawaida. Usiipunguze."

"Itakuwa nzito, dada."

"Sawa, nitaipunguza mwenyewe. Niwekee kwenye flashi."

Greyskeli inakupa vivuli vya kijivu, na uwazi wa sita unabaki ukionekana hata pale ambapo nyeusi na nyeupe ingeufunga. Faili ni kubwa, ila linakuachia uamuzi wa lini na vipi lipunguzwe.

Hatua ya 5: Punguza mwenyewe kwa njia isiyopoteza

Toa kurasa kutoka kwenye PDF ya greyskeli, zigeuze nyeusi na nyeupe, zibane kwa Group 4, kisha uzirudishe kwenye PDF:

```
pdfimages -png skani.pdf ukurasa
convert ukurasa-000.png -units PixelsPerInch -density 300 \
  -threshold 55% -compress Group4 ukurasa-000.tif
img2pdf ukurasa-*.tif -o ankara-ndogo.pdf
```

Amri ya kati irudie kwa kila ukurasa kabla ya kwenda ya mwisho. Ukurasa wa kawaida wa maandishi utashuka hadi makumi ya kilobaiti, kiasi ambacho mifumo mingi ya kupakia inakubali.

Ile namba 55% ndiyo ya kutulia nayo. Inaamua kijivu kipi kiwe cheusi. Ukiipandisha, maandishi hafifu yanajitokeza lakini uwazi wa sita na tano unaanza kuziba. Ukiishusha, mistari myembamba inakatika, na nane inaweza kufunguka ikafanana na tatu. Jaribu 45, 55 na 65 kwenye ukurasa wenye tarakimu ndogo kuliko zote, kuza, na uchague ile inayoacha uwazi wa sita wazi bila kuikata nane. Risiti za EFD zilizofifia mara nyingi hazikubali kiwango chochote. Ziache greyskeli kama zilivyo. Hasara ya hatua hii unaiona kwa macho, tofauti na ile ya maumbo.

Ukihitaji faili dogo zaidi, `jbig2enc` inaweza kubana bila kupoteza mradi usiweke `-s`. Alama hiyo moja ndiyo inayowasha kasha la maumbo.

Hatua ya 6: Thibitisha

Toa picha kutoka kwenye PDF uliyoitengeneza na uilinganishe na ile uliyoibana:

```
pdfimages -png ankara-ndogo.pdf rudi
compare -metric AE ukurasa-000.tif rudi-000.png tofauti.png
```

Jibu linalotakiwa ni `0`, yaani hakuna pikseli hata moja iliyobadilika. Ukipata namba sawa na pikseli za ukurasa mzima, picha imegeuzwa nyeusi kuwa nyeupe. Igeuze kwa `-negate` kisha ulinganishe tena. Ukipata namba ndogo, kama 40 au 300, fungua `tofauti.png` uone zimekaa wapi. Zikijikusanya juu ya tarakimu, faili hilo lisitoke ofisini.

Karatasi ikiwa haipo tena

Hili ndilo gumu, na ofisi nyingi zilizochoma karatasi baada ya kuskani zitakutana nalo. Tarakimu iliyoachwa na mbano wa maumbo haiwezi kurudishwa. Haipo ndani ya faili, na programu inayodai kuitoa inabuni. Usihariri picha kuweka unachodhani ni sahihi, hata kama hesabu inakuunga mkono.

Tafuta nakala nyingine: ya upande wa pili wa mkataba, ya wakili, ya benki, au barua pepe ya zamani yenye faili la kabla ya kupunguzwa. Kwa ramani na hati, ofisi iliyozitoa ina kumbukumbu zake. Faili lenye shaka lihifadhi kama lilivyo, na pembeni yake weka maelezo mafupi: mashine iliyotumika, tarehe, `pdfimages -list` ilisema nini, tarakimu zipi hazikuthibitishwa na zipi zimethibitishwa kwa nakala gani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka, katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, kutazamwa namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Maelezo hayo ndiyo yatakayojibu swali hilo likiulizwa.

Kama nyaraka ni nyingi, anza na zile ambazo `pdfimages -list` inaonyesha `jbig2` na, kwenye safu ya `x-ppi` inayotaja nukta kwa inchi, 200 au chini, kisha ndani yake anza na majedwali ya maandishi madogo. Barua za saizi 12 zisubiri.